Nilikimbiza jiwe moja nikaumbuka: ngazi, wavu, na lile jiwe la J11

Mwana_wa_Kuze

Assalaam aleikum. Jana baada ya Isha tulikuwa barazani Kuze, mimi na binamu yangu, tunacheza Go kwenye ule ubao wa plaiwudi wa mistari 13. Vifungo vya koti ni mawe meusi, vya kanzu ni meupe. Mimi meusi. Binamu akanikata kwa jiwe la D4, nikalitazama, nikaona lina pumzi mbili tu, yaani nafasi mbili tupu zinazoligusa; zikizibwa zote linaliwa. Nikajua huyu nimempata. Nikampiga atari, yaani nikamwachia pumzi moja tu, akatoka hatua moja. Nikamziba, akatoka tena. Ikawa ni hivyo hivyo, ngazi inapanda kwa mshazari kuelekea juu kulia, na wazee wa kahawa wameacha vikombe wanatazama.

Tulipofika karibu na kona, ghafla mwenye kupigwa atari ni mimi. Baada ya hapo mawe yangu yote yalikuwa vipande vipande kama embe la sakafuni. Nilikubali kushindwa hapo hapo.

Hivi ndivyo ilivyokuwa kabla sijaanza kukimbiza. X ni mimi, O ni yeye, zamu ni yangu. Mawe mengine nimeyatoa, hayakugusa habari hii.

```
   A B C D E F G H J K L M N
13 . . . . . . . . . . . . .
12 . . . . . . . . . . . . .
11 . . . . . . . . O . . . .
10 . . . . . . . . . . . . .
 9 . . . . . . . . . . . . .
 8 . . . . . . . . . . . . .
 7 . . . . . . . . . . . . .
 6 . . . . . . . . . . . . .
 5 . . X . . . . . . . . . .
 4 . . X O . . . . . . . . .
 3 . . O X X . . . . . . . .
 2 . . . . . . . . . . . . .
 1 . . . . . . . . . . . . .
```

Nilianza na D5. Na kabla ya kuanza nililiona lile jiwe la J11, wallahi nililiona. Nikapima kwa jicho nikasema liko kando, ngazi haipiti pale. Sasa limemwokoaje? Na je, nilikuwa na njia nyingine?

---

mpita_njia

Ngazi ni kama ile ya Nyoka na Ngazi? Dadu iko wapi?

---

MkaliWaDrafti

@mpita_njia hakuna dadu hapa, kaa kando ujifunze.

@Mwana_wa_Kuze mimi nakwambia hivi. Ngazi ina njia yake, na njia ni ile mawe ya anayekimbia yanapokanyaga. D4, E4, E5, F5, F6, G6, hivyo hivyo mpaka kona. Jiwe la mpinzani likiwa kwenye njia hiyo, atalifikia na kujiunga nalo, ngazi imekufa. Lisipokuwa njiani, ngazi ni nzima. J11 haimo. Kwa hiyo ngazi yako ilikuwa nzima, ila uliteleza mahali ukaziba upande usio. Kumbuka vizuri.

---

Mwana_wa_Kuze

Sikuteleza. Kila nilipoziba alibaki na pumzi moja. Watu wanne walikuwa wanatazama.

---

FundiSeif

Wa aleikum salaam mwanangu. Vifungo hivyo vya koti vilitoka kwenye kopo langu, kwa hiyo acha nichangie.

Hukuteleza popote. Mkali amesema kweli nusu. Hebu panga tena mawe uende nami polepole, nitakutajia mpaka mwisho.

Wewe D5, yeye E4. Hapo ana pumzi mbili, F4 na E5, maana chini yake pana E3 yako. Unaziba wapi? Ukiziba E5, atatoka F4 naye atavuta pumzi tatu: F3, G4 na F5. Huyo ameshaondoka. Ukiziba F4, atatoka E5 na kupata mbili tu, kwa sababu D5 yako imesimama ubavuni. Ndiyo maana kila hatua upande wa kuziba ni mmoja tu. Usisome kwa macho ya "namfukuza wapi". Uliza, nikiziba hapa, atakapotoka atakuwa na ngapi? Zikiwa mbili, endelea. Zikiwa tatu, wacha.

Basi F4, E5. E6, F5. G5, F6. F7, G6. H6, G7. G8, H7. J7, H8. H9, J8. K8, J9. Mpaka hapa yote ni sawa sawa, umbo ni lile lile linajirudia. Sasa wewe J10, yeye K9. Wewe L9, yeye K10.

Simama hapo. Usitazame mawe yake, tazama jiwe lako la J10. Chini yake J9 ni jeupe. Kulia K10 ni jeupe, limewekwa sasa hivi. Juu yake J11 ni jeupe, lilikuwapo tangu zamani. Limebakiwa na H10 peke yake. Yaani alipotoka kwenye atari yako, kwa jiwe lile lile amekupiga atari wewe. Ukiendelea kumziba kwa K11, anakula J10 kwa kuweka H10, na hapo hapo H9 yako nayo inabaki na pumzi moja. Ukirudi kujiokoa kwa H10, yeye hayumo kwenye atari, anatoka L10 na mambo yamekwisha.

Kwa hiyo J11 haikuwa njia ya mawe yake. Ilikuwa imegusana na njia ya mawe YAKO. Ngazi ina watu wawili wanaopanda, si mmoja.

---

MkaliWaDrafti

Aisee. Ngoja nipange.

---

MkaliWaDrafti

Nimepanga kwa vizibo vya soda. Ni kweli. Ami Seif nisamehe.

Lakini basi mtu atahesabu hatua 24 kichwani kila mara? Kwenye drafti tunasoma hatua tano sita, tunaitwa mabingwa.

---

FundiSeif

Hahesabu mtu. Umbo linajirudia, kwa hiyo hesabu mishazari badala ya hatua.

Mawe yake yanakanyaga mishazari miwili: ule wa D4, E5, F6 na ule wa E4, F5, G6. Mawe yako yanashika mmoja kila upande, wa D5, E6, F7 juu na wa F4, G5, H6 chini. Hiyo ni minne. Ongeza mmoja nje ya kila upande, kwa ajili ya kile kilichokupata wewe jana. Juu ni D6, E7, F8, G9, H10, J11. Chini ni G4, H5, J6, K7 na kuendelea. Jumla mishazari sita. Huo ndio ukanda wa ngazi. Jiwe la mpinzani likiwa ndani ya sita hiyo mbele ya ngazi, usianze. Likiwa nje yake, halina kazi. Lile lake lingekuwa J12 badala ya J11, ungemkamata.

Mimi nafanya hivi: nachagua mstari mmoja wa mbele ngazi isipofika bado, natazama pale tu. Kwa umbo lako, kwenye mstari wa 10 ukanda unaanza H10 unaisha N10. Halafu napandisha jicho, kila mstari nikipanda ukanda unasogea kulia hatua moja, nikishuka unarudi kushoto hatua moja. Jicho likishazoea ni sekunde tatu.

Na kama hakuna kitu ndani ya ukanda, ngazi inakwenda mpaka ukingoni. Kwenye ubao wenu wa 13, yeye angefika M12, wewe M13, yeye N12, wewe N13 unakomba. Mawe 18 kwa mkupuo.

---

BahariYangu

Nimeona kichwa cha uzi kimeandikwa wavu nikaingia mbio, nikidhani mnaongea jarife. Kumbe ni vifungo. Haya, nimeshaingia, siondoki. Wavu wenyewe uko wapi? Mpaka sasa nasikia ngazi, ngazi, ngazi.

Mie huku Likoni, samaki ukimkimbiza na ngalawa humpati. Unatangulia unapotega, anakuja mwenyewe.

---

FundiSeif

@BahariYangu umesema bila kujua. Hiyo ndiyo habari yenyewe ya swali lake la pili.

Mwana_wa_Kuze, rudi kwenye picha yako. Usiiguse D4. Usimpige atari kabisa. Weka jiwe E5, mshazari kutoka kwake, kuna nafasi kati yenu. Utaona kama umeacha mlango wazi. Mwache atoke.

Akitoka kwa D5, pumzi zake ni D6 na E4. Unaziba D6. Anajaribu E4, amebakiwa na F4. Unaweka F4 unakomba matatu. Akianza na E4, unaziba F4, anakwenda D5, unakomba kwa D6. Pande zote mbili ni kifo, na hakuna jiwe lolote la mbali linaloweza kumsaidia, awe nalo J11 au K10 au popote, kwa sababu vita haivuki mstari wa sita.

Ukimpata hivyo, C4 na C5 zako zinaungana na D3 na E3, na lile jiwe lake la C3 limebaki yatima. Jana ulikuwa na ushindi hatua moja tu mbele yako.

---

Mwana_wa_Kuze

Subhanallah. Jiwe MOJA. Nami nilitumia 12 kumkimbiza.

---

Bi_Zuhura

Mimi nacheza kwa simu, ubao mkubwa wa mistari 19, nikiwa kwenye foleni ya feri asubuhi. Yangu ni tofauti kidogo. Ngazi yangu ilikuwa nzima, nilihesabu, hakuna jiwe lolote mbele. Nikampiga atari ya kwanza. Yeye hakutoka. Akaenda kona ya mbali akaweka jiwe linalotishia kona yangu. Nikajibu kule kona. Kurudi, akatoka, nikaanza kukimbiza, ngazi imevunjika! Lile jiwe la kona ndilo lililoivunja. Huo si ujanja wa kihuni?

---

FundiSeif

Si uhuni Bi Zuhura, ndio mchezo. Jiwe moja limefanya kazi mbili: linatisha kona na linakaa kwenye ukanda wa ngazi. Huwezi kuyajibu yote mawili.

Dawa ni kutojibu. Ulipokwisha kumpiga atari naye akaenda mbali, ungelikula lile jiwe lililokuwa na pumzi moja. Kwenye picha ya kijana wetu ni sawa na kuwa umecheza D5, yeye akaenda zake, wewe unaweka E4 unalitoa D4 ubaoni. Atapata hatua mbili mfululizo kule kona, utaumia, lakini jiwe likishatoka ubaoni hakuna ngazi tena ya kuvunja. Kama maumivu ya kona ni makubwa kuliko faida ya jiwe hilo, basi tangu mwanzo ngazi haikuwa nzima kama ulivyodhani. Kabla ya kuanza, tazama pia wapi mpinzani anaweza kuweka jiwe la namna hiyo.

---

Bi_Zuhura

Kona ilikuwa na thamani ya kama pointi 20. Jiwe lilikuwa la kukata, bila hilo nina makundi mawili dhaifu. Bado sijui ningechagua lipi.

---

FundiSeif

Bila kuuona ubao nami sijui. Lakini jiwe la kukata mimi nalila, naenda kulala.

---

MkaliWaDrafti

Mbona lakini Lee Sedol, yule bingwa wa Go wa Korea, mwaka 2003 alikimbiza ngazi iliyovunjika, dhidi ya Hong Chang-sik, na akashinda? Nimeiona mechi hiyo. Kwa hiyo hii sheria ya mishazari sita si lazima. Mtu anaweza kukimbiza tu.

---

FundiSeif

Alikimbiza, kweli, na alijua imevunjika. Hakuwa anayataka mawe ya ngazi. Kila atari ni hatua mpinzani analazimika kujibu, na kila jiwe la Lee lilikuwa linasogea kwenye mawe mengine ya mpinzani yaliyokuwa upande ule. Alikuwa anajenga ukuta bure. Wewe na mimi tukikimbiza ngazi iliyovunjika tunabaki na ukuta wa matundu.

Mwana_wa_Kuze atakwambia. Ngazi ikishavunjika, nyeupe akiweka G4, anapiga atari mawili kwa mpigo, F4 na G5. Utaokoa moja. Akiweka H5, ni G5 na H6. J6, ni H6 na J7. Kila jiwe ulilomzibia ni deni.

---

Mwana_wa_Kuze

G4 ndiyo aliyoanza nayo. Halafu J6. Sitaki kukumbuka.

Ami Seif, swali. Nimekaa na ubao tangu mchana. Tuseme J11 haipo, ila ana jiwe K7. Kwa hesabu yako K7 imo kwenye mshazari wa nje wa chini, kwa hiyo ngazi imevunjika. Lakini nimejaribu kuanza kwa E4 badala ya D5, na nimemkamata! Nimekosea wapi?

---

FundiSeif

Hukukosea, umegundua jambo ambalo mimi lilinichukua miaka. Umbo lako lina C5 na E3, kwa hiyo unaweza kuanza upande wowote. Ukianza D5 anatoka E4, ukianza E4 anatoka D5. Ngazi zote mbili zinakwenda kona ile ile, ila ya pili imesogea juu mshazari mmoja. Ukanda wake nao umesogea. K7 inabaki nje, na ule mshazari wa J12 unaingia ndani.

Kwa hiyo J12, niliyosema haina kazi, ingevunja ngazi ya E4 lakini si ya D5. Na J11 ya binamu yako inavunja zote mbili. Kwenye ngazi ya E4 pale J11 ndipo hasa unapotakiwa kuweka jiwe lako, na pana mtu.

---

MkaliWaDrafti

Basi kila mara tuangalie ngazi mbili.

---

FundiSeif

Kila mara unapokuwa na hiari ya kuanza pande zote mbili. Mara nyingi huna. Ikikosekana C5, kwa mfano, ukianza E4 anatoka D5 akiwa na pumzi tatu, C5, D6 na E5. Hapo unabaki na ya D5 peke yake.

---

BahariYangu

Na wavu? Ikikosekana hiyo C5, wavu bado unashika? Nauliza kwa sababu wavu wenye tundu moja ni sawa na kutokuwa nao.

---

FundiSeif

Hapana. Wewe E5, yeye D5, anahesabu pumzi: C5, D6, E4. Tatu. Ukiziba D6 anatoka C5 na bado anazo tatu, B5, C6 na E4. Ukiziba C5 anatoka D6, hana shida tena. Labda kuna namna ya kumbana baadaye kwa kumwendesha ukingoni, lakini huo si wavu tena, ni vita.

Wavu unatwaa nguvu yake kwenye mawe yaliyokwisha kusimama. Ile E5 inaziba mbele tu. C5 na E3 ndizo zilizoshika pembe.

---

BahariYangu

Kama nyavu zote. Kamba za pembeni zikilegea umevua maji.

Nami nimeazima vifungo vya mke wangu hapa. Wavu umekamilika, E5 ipo. Nyeupe haingii ndani, anaweka D6 kwa nje. Ninyamaze au nijibu?

---

Mwana_wa_Kuze

Unanyamaza, si amekwisha kunaswa?

---

BahariYangu

Nilinyamaza, akaweka D5, akaungana na D6, akaenda zake. Ndiyo maana nauliza.

---

FundiSeif

Unajibu, tena D5 hapo hapo. D4 inabaki na E4 tu, akitoka E4 unakomba kwa F4. Lakini yeye ameshapata jiwe la bure D6, na akitaka anaweza kupata jingine F4 upande wa pili, nawe utajibu E4. Samaki yumo wavuni, ila anaweza kuuvuta wavu uende anakotaka yeye. Hiyo ndiyo bei ya wavu. Ngazi inayofika ukingoni haina bei hiyo, ila ina ile ya Bi Zuhura.

---

Bi_Zuhura

Kwa hiyo ukiwa na vyote viwili, ngazi nzima na wavu mzima, unachukua kipi?

---

FundiSeif

Mimi wavu, karibu siku zote, ila si kama D6 yake inamsaidia kundi jingine.

---

MkaliWaDrafti

Mimi ngazi. Ukimpiga atari halafu akaenda mbali, unakula jiwe, linatoka ubaoni, hakuna cha D6 wala F4. Safi kabisa.

---

FundiSeif

Na hatua mbili mfululizo kule mbali, umempa. Tutabishana Ijumaa.

---

Mwana_wa_Kuze

Binamu amesoma uzi wote. Anasema marudiano leo usiku, na kwamba angekuwa na E6 badala ya J11 wavu wa Ami Seif ungepasuka. Nimepanga: mimi E5, yeye D5, mimi D6, yeye E4. Jiwe langu la E5 limebakiwa na pumzi moja, F5. Roho ikanidunda. Halafu nikaona ni zamu yangu, na yeye naye amebakiwa na F4 tu. Nimekomba kwanza. Au nimekosea kuhesabu?

---

BahariYangu

Hukukosea. Nami nimepanga. Ila mwambie asigundue kuongeza F5 kabla hajaingia. Akiwa na E6 na F5 zote mbili, hiyo E5 yako ndiyo inayoliwa.